Taarifa ya Usuluhishi wa Benki Hatua kwa Hatua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo wanafunzi wa cheti cha utunzaji wa vitabu vya hesabu huniuliza kila muhula. Ili usilazimike kubeba mifano kumi kichwani, nimeyajibu kwa kutumia mfano mmoja wa kubuni: duka la vifaa vya ujenzi la Morogoro, mwezi wa Juni 2025. Chukua karatasi na kalamu ufuate tarakimu, kwa sababu somo hili halikai kichwani kwa kusomwa tu.

Sijakosea popote, mbona daftari langu la fedha na benki havikubaliani?

Kwa sababu ni vitabu viwili vinavyoandikwa na watu wawili katika nyakati tofauti. Wewe unaandika hundi siku unapomkabidhi muuzaji. Benki inaiandika siku muuzaji anapoipeleka, na anaweza kukaa nayo mezani wiki nzima. Kwa upande mwingine, benki inakata ada yake siku ya mwisho ya mwezi, nawe huna habari mpaka upate taarifa yao.

Katika duka letu, safu ya benki ya daftari la fedha ilionyesha salio la debiti la shilingi 2,846,000 tarehe 30 Juni. Taarifa ya benki ya tarehe hiyohiyo ilionyesha shilingi 3,412,500. Tofauti ni shilingi 566,500. Usifikirie kwamba kuna kitu kimoja cha shilingi 566,500 kilichopotea. Tofauti hiyo imeundwa na vitu kadhaa, vingine vinaongeza na vingine vinapunguza, na kazi yetu ni kuvitaja kimoja kimoja mpaka isibaki hata shilingi.

Kwa nini fedha yangu ni debiti kwenye daftari langu lakini benki wanaiandika krediti?

Swali hili likikaa sawa, nusu ya somo imekwisha. Kwako wewe, fedha iliyo benki ni mali yako, na mali huwekwa upande wa debiti. Kwa benki, fedha hiyohiyo ni deni: wamekuwekea, na siku yoyote ukiitaka lazima wakulipe. Deni huwekwa upande wa krediti. Kwa hiyo taarifa ya benki si nakala ya daftari lako. Ni nakala ya akaunti yako ndani ya vitabu *vyao*, imeandikwa kwa macho yao.

Ndiyo maana kwenye taarifa utaona `CR` mbele ya salio lako zuri, na `DR` mbele ya kila malipo yaliyotoka. Ukilinganisha, upande wako wa debiti unakutana na safu yao ya krediti, na upande wako wa krediti unakutana na safu yao ya debiti. Na salio lenyewe likiandikwa `DR` kwenye taarifa ya benki, maana yake umevuka fedha zako na sasa wewe ndiye unayedaiwa.

Nianze wapi? Nina karatasi nyingi mbele yangu.

Unahitaji karatasi tatu, na wengi huja na mbili tu. Wanaleta daftari la fedha la Juni na taarifa ya benki ya Juni, lakini taarifa ya usuluhishi ya Mei wanaiacha kwenye faili. Bila hiyo utakwama mapema.

Angalia duka letu. Tarehe 1 Juni daftari lilianza na shilingi 1,220,000, lakini taarifa ya benki ilianza na shilingi 1,315,000. Tofauti ya shilingi 95,000 ipo kabla mwezi haujaanza. Ukifungua usuluhishi wa Mei unaikuta: hundi namba 000198 ya shilingi 95,000 iliyoandikwa mwishoni mwa Mei na ambayo mwenyewe hakuwa ameipeleka benki. Sasa kwenye taarifa ya Juni, tarehe 4, hundi hiyo inaonekana imelipwa. Ukiitafuta kwenye daftari la Juni hutaiona, kwa sababu uliiandika Mei. Itie tiki kwenye taarifa ya benki, uitie tiki pia kwenye usuluhishi wa Mei, kisha usahau habari zake. Haigusi hesabu ya Juni tena.

Nilipokuwa naanza kazi hii nilipoteza siku mbili nikitafuta hundi ya namna hiyo, na nilikaribia kuiandika upya kwenye daftari. Ningeiandika, ningekuwa nimelipa mara mbili kwenye vitabu.

Baada ya salio la kuanzia kueleweka, tia tiki mstari kwa mstari. Kila kilichopo kwenye daftari na kwenye taarifa kwa kiasi kilekile kinapata tiki pande zote mbili. Naomba uangalie *kiasi*, si namba ya hundi peke yake. Kwenye duka letu hundi namba 000209 ipo pande zote mbili, na mwanafunzi mwenye haraka huitia tiki. Daftari linasema 258,000, benki inasema 285,000. Hiyo haistahili tiki.

Jambo jingine linalowanasa wengi ni hundi ya mteja iliyorudishwa. Mteja wa mabati alilipa kwa hundi ya shilingi 420,000. Benki iliiingiza krediti tarehe 12, kisha tarehe 17 ikaitoa kwa debiti kwa sababu akaunti ya mteja haikuwa na fedha za kutosha. Wanafunzi huona mistari miwili inayofutana na kuikata yote. Usifanye hivyo. Mstari wa tarehe 12 una mwenzake kwenye daftari lako, uliandika ulipoipokea hundi. Huo utie tiki. Mstari wa tarehe 17 hauna mwenzake, na huo ndio unaobaki.

Nimemaliza kutia tiki. Vilivyobaki nivipeleke wapi?

Jiulize swali moja kwa kila kilichobaki: *ni nani bado hana habari?*

Kama benki inajua na daftari lako halijui, kosa la kutojua liko kwako, na dawa ni kuandika kwenye daftari la fedha. Kama daftari lako linajua na benki haijui, huna cha kuandika kwenye daftari. Umeshaandika. Unasubiri tu benki ifikiwe na habari, na wakati huo kitu hicho kinakaa kwenye taarifa ya usuluhishi.

Kwenye duka letu, mistari iliyobaki bila tiki kwenye taarifa ya benki ilikuwa hii: ada za benki 18,500, agizo la kudumu la kulipia bima 150,000, hundi ya mteja iliyorudishwa 420,000, na shilingi 640,000 ambazo mkandarasi mmoja aliziingiza moja kwa moja kwenye akaunti kwa simu bila kupitia dukani. Hivi vyote daftari halikuwa na habari navyo.

Kwenye daftari zilibaki bila tiki hundi namba 000214 ya shilingi 372,000, hundi namba 000217 ya shilingi 680,000, na mauzo ya shilingi 510,000 yaliyopelekwa benki jioni ya tarehe 30 Juni. Hivi benki ilikuwa haijaviona.

Ikabaki ile hundi 000209. Hapa huwezi kukisia nani amekosea. Fungua kipande kinachobaki kwenye kitabu cha hundi, kisha uangalie ankara ya muuzaji. Vyote viwili vilisema 285,000, kwa hiyo benki ililipa sawa na aliyeandika daftari aligeuza tarakimu. Daftari lilionyesha malipo madogo kuliko yalivyokuwa, kwa shilingi 27,000.

Daftari la fedha linasawazishwaje?

Unalifungua tena na kuandika yale ambayo hukuwa na habari nayo. Hii ndiyo hatua ya kwanza ya hesabu yenyewe, na inatangulia taarifa ya usuluhishi.

| Daftari la fedha, safu ya benki | Shilingi |
|---|---:|
| Salio kabla ya kusawazisha, 30 Juni 2025 | 2,846,000 |
| Jumlisha: fedha za mkandarasi zilizoingia moja kwa moja | 640,000 |
| | 3,486,000 |
| Toa: ada za benki | 18,500 |
| Toa: bima kwa agizo la kudumu | 150,000 |
| Toa: hundi iliyorudishwa | 420,000 |
| Toa: marekebisho ya hundi 000209 | 27,000 |
| Salio lililosawazishwa | 2,870,500 |

Jedwali hilo nimelipanga wima ili lisomeke kwa urahisi. Kwenye daftari halisi, 640,000 inakaa upande wa debiti na vile vinne vinakaa upande wa krediti.

Usisahau kwamba kila ulichoandika kina mguu wa pili kwenye leja. Ada za benki zinakwenda debiti ya akaunti ya gharama za benki, na bima inakwenda debiti ya akaunti ya bima. Fedha za mkandarasi zinakwenda krediti ya akaunti yake kwa sababu amepunguza deni lake. Hundi iliyorudishwa inakwenda debiti ya akaunti ya mteja wa mabati: ulikuwa umemfuta kwenye orodha ya wadaiwa, sasa anarudi na anadaiwa 420,000 kama zamani. Zile 27,000 zinakwenda debiti ya akaunti ya muuzaji, kwa sababu ulimlipa zaidi ya ulivyoandika.

Ikitokea fedha zimeingia na hujui nani kaziweka, zipokee kwenye daftari, lakini mguu wa pili uweke kwenye akaunti ya mpito mpaka mwenyewe ajulikane. Usiziite mauzo ili tu zipate pa kukaa.

Na taarifa yenyewe ya usuluhishi inaandikwaje?

Kichwa chake kinataja biashara, jina la taarifa na tarehe. Tarehe ni siku moja, "hadi tarehe 30 Juni 2025", wala si kipindi cha mwezi mzima, kwa sababu unalinganisha masalio ya siku hiyo. Kisha:

| Taarifa ya usuluhishi wa benki hadi 30 Juni 2025 | Shilingi |
|---|---:|
| Salio kwa mujibu wa taarifa ya benki | 3,412,500 |
| Jumlisha: fedha zilizopelekwa ambazo benki haijaziingiza (30 Juni) | 510,000 |
| | 3,922,500 |
| Toa: hundi ambazo hazijawasilishwa | |
| Namba 000214 | 372,000 |
| Namba 000217 | 680,000 |
| Salio kwa mujibu wa daftari lililosawazishwa | 2,870,500 |

Shilingi 2,870,500 hapa, shilingi 2,870,500 kule. Hiyo ndiyo namba inayokwenda kwenye mizania kama fedha zilizopo benki. Si ile 2,846,000 uliyoanza nayo, wala 3,412,500 ya benki.

Ukisahau lini ujumlishe na lini utoe, acha kukariri na ufikirie siku chache mbele. Hundi mbili zikishawasilishwa, salio la benki litafanya nini? Litashuka, kwa hiyo toa. Mauzo ya tarehe 30 yakishaingizwa? Litapanda, kwa hiyo jumlisha. Unaifanya benki ione leo kile itakachokiona kesho.

Nimefanya yote na bado masalio hayakubaliani. Nitafuteje?

Usianze upya. Tofauti iliyobaki yenyewe inasema jambo, isikilize kwanza.

Igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizogeuzwa. Zile 27,000 za duka letu zikigawiwa kwa 9 zinatoa 3,000 kamili, na 258 dhidi ya 285 ndiyo sababu. Si kila tofauti inayogawanyika kwa 9 ni kosa la kugeuza, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Igawe kwa 2. Kama nusu yake ni kiasi unachokiona kwenye orodha yako, umekiweka upande usio wake. Mtu aliyetoa zile 510,000 badala ya kuzijumlisha atakosa kwa shilingi 1,020,000, mara mbili kamili. Akiona 1,020,000, aitafute 510,000 atakutana nayo mara moja.

Kama tofauti ni kiasi kizima kinachofanana na mstari fulani, umeusahau mstari huo, au umeuandika mara mbili. Ukikuta 18,500 kamili, ni ada za benki. Ukikuta 95,000, umerudi kwenye hundi ya Mei: ama umeiingiza tena kwenye hundi ambazo hazijawasilishwa, ama umeiandika upya kwenye daftari.

Majaribio hayo yote yakishindwa, jumlisha upya safu za daftari la fedha. Kosa la kujumlisha halionekani kwa kutia tiki, kwa sababu kila mstari ni sahihi na ni jumla tu iliyoharibika.

Ombi langu moja: usiandike "tofauti isiyojulikana" ili taarifa ifunge. Ndani ya tofauti ndogo ya shilingi 2,000 panaweza kujificha kosa la 802,000 upande mmoja na 800,000 upande mwingine.

Swali la mtihani limenipa salio la daftari na kusema nifikie salio la benki bila kusawazisha daftari. Je, linawezekana?

Linawezekana, ila kila kitu kinaingia kwenye taarifa moja. Anza na 2,846,000. Jumlisha hundi ambazo hazijawasilishwa 1,052,000 na fedha za mkandarasi 640,000, unapata 4,538,000. Kisha toa mauzo ambayo hayajaingizwa 510,000, ada 18,500, bima 150,000, hundi iliyorudishwa 420,000 na kosa 27,000, jumla yake 1,125,500. Unabaki na 3,412,500, salio la benki.

Ona kwamba alama za hundi na za mauzo zimegeuka, kwa kuwa safari imegeuka: sasa unatoka kwenye daftari kwenda benki. Soma swali mara mbili kabla ya kuandika. Mimi nafundisha njia ya kusawazisha kwanza kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ofisini. Njia ya pili inakupa taarifa inayofunga huku daftari lenyewe likibaki bila ada na bila hundi iliyorudishwa, na mwezi unaofuata unaanza na makosa yaleyale.

Kama akaunti iko kwenye ovadrafti?

Hesabu ni ileile, ila salio la kuanzia ni hasi, na uliandike kwenye mabano ili usijisahau. Tuseme taarifa inaonyesha `DR` 230,000, hundi ambazo hazijawasilishwa ni 145,000, na fedha zilizo njiani ni 90,000. Hundi zinazidisha deni: (230,000) inakuwa (375,000). Fedha zilizo njiani zinalipunguza: (285,000). Daftari lililosawazishwa lazima lionyeshe salio la krediti la 285,000.

Benki ikikosea je?

Hutokea, kwa mfano hundi ya mteja mwingine ikakatwa kwenye akaunti yako. Usiiandike kwenye daftari la fedha, kwa sababu haikuwa shughuli yako. Ijumlishe kwenye taarifa ya usuluhishi kama kosa la benki, iandikie benki barua siku hiyohiyo, na uhakikishe mwezi unaofuata imerudishwa.

Hundi moja imekaa miezi mingi bila kuwasilishwa. Naiacha kwenye orodha mpaka lini?

Kwa kawaida benki haikubali hundi iliyopitisha miezi 6 tangu tarehe iliyoandikwa. Usiingoje ifike huko kimyakimya. Baada ya miezi miwili mitatu mpigie simu aliyepewa: huenda aliipoteza, au haikumfikia kabisa. Ikishapitwa na wakati, igeuze kwenye vitabu: debiti benki, krediti akaunti ya muuzaji. Fedha zinarudi kwenye daftari lako, lakini na deni linarudi. Kuchakaa kwa hundi hakufuti unachodaiwa.

Taarifa ikishafunga, nina hakika fedha zote ziko salama?

Hapana. Taarifa inaweza kufunga vizuri huku mtu anaiba, na mahali pa kujificha mara nyingi ni pale kwenye "fedha zilizopelekwa ambazo benki haijaziingiza". Fikiria mpokea fedha ambaye anaandika kwenye daftari kwamba amepeleka 510,000 tarehe 30 Juni, lakini fedha ziko mfukoni mwake. Usuluhishi wa Juni utafunga bila tatizo, kwa sababu wewe umeziamini na kuzijumlisha. Mwezi wa Julai anachukua mauzo ya siku nyingine na kuyapeleka benki kama ndiyo yale ya Juni, kisha anafunika shimo jipya kwa mauzo ya baadaye tena.

Utamjua kwa tarehe. Tarehe 30 Juni 2025 ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo fedha zilizopelekwa jioni hiyo zilitakiwa kuonekana kwenye taarifa ya benki Jumanne tarehe 1 au Jumatano tarehe 2 Julai. Zikionekana tarehe 9, usikubali maelezo ya sikukuu ya Sabasaba, maana kati ya tarehe 30 na Sabasaba zilikuwepo siku nne nzima za kazi baada ya Jumatatu. Omba hati ya kuwekea fedha yenye muhuri wa benki, usome tarehe ya muhuri, kisha ulinganishe mchanganuo wa noti na sarafu na mauzo ya siku hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, anayepokea fedha au kuandika daftari asiwe ndiye anayefanya usuluhishi. Dukani penye karani mmoja tu, mwenye duka mwenyewe apokee taarifa moja kwa moja kutoka benki, bila kupitia kwa karani, na azikague siku tano za mwanzo za mwezi unaofuata kabla ya kutia saini.